Kwa Nini Dawa ya Malaria Huisha Mwezi Huu na Kurundikana Mwezi Ujao

Mazungumzo kwa wakazi na kamati za vituo vya afya, Migori na Homa Bay



Kaunti za Migori na Homa Bay ziko katika ukanda wa ziwa, ambako malaria ipo mwaka mzima na huongezeka baada ya mvua. Wakazi wengi wameona mambo mawili yasiyopatana. Mwezi mmoja mzazi anafika zahanati na mtoto mwenye homa, anaambiwa AL imeisha. Miezi michache baadaye zahanati hiyo hiyo ina maboksi ya AL yanayokaribia tarehe ya kuharibika. Watu husema kuna wizi au uzembe. Wakati mwingine ni kweli. Lakini hali hii inaweza kutokea hata pale ambapo kila mhusika amefanya kazi yake kwa uaminifu.

Wataalamu wa ugavi huiita athari ya mjeledi. Mchungaji akitikisa mkono kidogo tu, ncha ya mjeledi huruka mbali. Vivyo hivyo, badiliko dogo la wagonjwa zahanatini huwa badiliko kubwa kadiri maagizo yanavyopanda juu.

Mfano mwepesi unatosha kuonyesha jambo hili. Kuna zahanati, ghala la taifa, kiwanda cha vidonge, na mkulima anayelima mmea wa dawa. Zahanati hutoa dozi 100 za AL kila mwezi. Zahanati, ghala na kiwanda vyote vina kanuni moja ya busara: baada ya kupokea mzigo, rafu iwe na akiba ya miezi 2, kwa kipimo cha dozi zilizotoka mwezi uliopita. Kila mmoja basi ana dozi 200. Zinatoka 100, zinaagizwa 100, mambo yanatulia.

Mvua inanyesha, na wagonjwa wanaongezeka kutoka 100 hadi 110. Zahanati ilikuwa na 200, imetoa 110, imebaki na 90. Akiba ya miezi 2 sasa ni 220, kwa hiyo inaagiza 130. Ghala haliwaoni wagonjwa, linaona agizo la 130. Linatoa 130 na kubaki na 70. Kwa kanuni yake linahitaji 260, hivyo linaagiza 190. Kiwanda kinatoa 190, kinabaki na 10, kinahitaji 380, na kinaagiza malighafi ya dozi 370.

Wagonjwa wameongezeka kwa 10. Mkulima ameombwa mmea wa kutosha dozi 370 badala ya 100.

Mwezi unaofuata wagonjwa ni 110 tena, hakuna kilichobadilika. Zahanati inaagiza 110. Ghala lina 260, linatoa 110, linabaki na 150. Sasa linahitaji 220 tu, kwa hiyo linaagiza 70. Kiwanda kina 380, kinatoa 70, kinabaki na 310, na kanuni inasema 140 zinatosha. Hakiagizi chochote. Mkulima aliyeombwa 370 mwezi uliopita sasa haombwi hata moja, ingawa wagonjwa Migori bado ni 110. Hakuna aliyeiba wala aliyezembea katika hesabu hii.

Jambo kama hili lilitokea kweli kwa dawa hii hii. Kenya iliamua mwaka 2004 kuifanya AL dawa ya kwanza ya malaria, na vituo vya umma vikaanza kuitoa mwaka 2006. Nchi nyingi za Afrika zilifanya hivyo wakati mmoja. AL hutegemea artemisinini, inayotoka kwenye mmea wa artemisia, na kutoka kupanda mbegu hadi kupata kidonge hupita zaidi ya mwaka. Ilipoadimika, bei ya kilo moja ya artemisinini ilipanda kupita dola 1,000. Wakulima wakapanda kwa wingi, wakiwemo wa Kenya, Uganda na Tanzania, na kiwanda cha kuikamua kikajengwa Athi River. Lakini maagizo halisi ya nchi yalikuja polepole kuliko makadirio. Kufikia mwaka 2007 bei ilikuwa imeshuka hadi karibu dola 200, na wakulima wengi wakauacha mmea huo. Waliouacha hawakuweza kurudi kwa wiki moja dawa ilipohitajika tena.

Katika maisha halisi mambo mawili huuchochea mjeledi zaidi.

La kwanza ni mgao. Zahanati ikiomba dozi 300 kwa robo mwaka na KEMSA ikawa na za kutosha nusu tu, zahanati hupata 150. Robo inayofuata muuguzi mwenye hekima anaandika 600 ili apate 300. Zahanati jirani hufanya vivyo hivyo. Ghala linaona mahitaji yameongezeka maradufu na kuagiza kwa wingi. Mzigo unapofika wote, kila rafu inajaa, kisha maagizo yanakatika.

La pili ni rafu tupu inayosomwa vibaya. Zahanati ikitoa dozi 60 kisha dawa ikaisha siku ya 18, ripoti itaonyesha matumizi ya mwezi ni 60. Hilo si hitaji la watu. Dozi 60 kwa siku 18 ni sawa na 100 kwa siku 30. Asiyesahihisha ataagiza pungufu, na upungufu utajizalisha.

Mahitaji nayo hubadilika kweli. Upuliziaji wa dawa ndani ya nyumba, ulioanza Migori mwaka 2017 na kufika Homa Bay mwaka uliofuata, ulipunguza malaria. Badiliko la namna hiyo linapaswa kufika ghalani likiwa lenyewe, si likiwa limekuzwa.

Dawa ya mjeledi ni kila ngazi kuona idadi ya wagonjwa, si agizo la ngazi ya chini tu. Rudieni mfano ule, ila kila mmoja apange akiba kwa wagonjwa 110. Zahanati inaagiza 130, ghala 150, kiwanda 170. Mwezi wa pili wote watatu wanaagiza 110. Badala ya 370 kisha sifuri, mkulima anaona 170 kisha 110. Ongezeko la kwanza halikwepeki, kwa sababu akiba ya kila mmoja lazima ikue, lakini mporomoko umetoweka.

Ndiyo maana ripoti ya kila mwezi ya dozi zilizotolewa na vipimo vilivyoonyesha malaria ina uzito kuliko fomu ya agizo. Ikichelewa, ghala hubaki kubahatisha.

Kamati ya kituo inaweza kuutambua mjeledi kwa daftari mbili. Daftari la maabara huonyesha waliopatikana na malaria kila mwezi. Kadi ya bohari huonyesha kilichoagizwa na siku ambazo rafu ilikuwa tupu. Wagonjwa wakiwa karibu sawa huku maagizo yakiruka juu na chini, tatizo liko kwenye kuagiza. Wagonjwa wakiwa sawa, maagizo yakiwa sawa, na bado dawa inapungua bila kuandikwa, hapo pana jambo jingine la kuuliza, na kamati ina haki ya kuuliza.