Kumtoa Mtoto Kituoni kwa Ghafla: Malipo Badala ya Notisi katika Vituo vya Busia na Malaba

Mwenyekiti, wamiliki wa vituo na walezi wenzangu,

Notisi ni taarifa ya mapema kwamba mtoto ataondoka. Malipo badala ya notisi ni ada ya siku hizo za taarifa ambazo hazikutolewa. Haya tunayajua, nisiwachoshe.

Kinachotusumbua ni hesabu. Fomu nyingi zinadai notisi ya mwezi, ilhali mama anayevusha nafaka au mitumba hupata na kulipa kwa siku au kwa wiki. Biashara ikihamia upande wa Uganda, humtoa mtoto siku hiyohiyo. Naye mwenye kituo ana sababu ya kutaka mwezi: chini ya kifungu cha 35 cha Sheria ya Ajira ya 2007, mfanyakazi wa mshahara wa mwezi huachishwa kwa notisi ya siku 28. Lakini kifungu hicho kinahusu mwajiri na mfanyakazi wake. Mzazi anabanwa na makubaliano yake na kituo tu.

Tuchukue mfano. Mama amelipa Sh3,000 tarehe 1 kwa siku 30. Fomu inataka notisi ya siku 14. Tarehe 10 jioni anasema mtoto harudi. Mwenye kituo anamdai Sh1,400 zaidi na kuzuia kijitabu cha kliniki mpaka alipe. Hapo ndipo tunapokosea, na nimelisema hili miaka mingi. Notisi inaanza tarehe 11 na kuisha tarehe 24, na siku zote hizo zimeshalipiwa. Kumtoza tena ni kumlipisha siku zilezile mara mbili. Zimebaki siku sita, yaani Sh600, ambazo fomu inapaswa kusema kama zinarudishwa. Kijitabu hicho ni cha chanjo ya mtoto, wala si rehani.

Kwenda kortini kunawezekana, kwa kuwa Mahakama ya Madai Madogo iliundwa na sheria ya 2016. Ila kumfuatilia mtu aliyekwisha kuvuka mpaka kwa Sh1,400 kutakula nauli na siku za kazi zaidi ya deni lenyewe. Na mkidai kiasi kinachozidi sana hasara halisi, korti inaweza kukiona kuwa adhabu na kukikataa.

Kwa hiyo, kwa heshima, napendekeza:

Urefu wa notisi ufuate malipo: anayelipa kwa wiki, notisi wiki, anayelipa kwa siku, asidaiwe mwezi.

Dipositi ya wiki moja ichukuliwe siku ya kuandikisha, iwe ndiyo ada ya wiki ya mwisho.

Notisi kwa ujumbe wa simu ikubaliwe, kwani inabeba tarehe.

Siku zilizokwisha kulipiwa zihesabiwe kwanza, kabla ya kudai chochote.

Nafasi ikijazwa kabla ya notisi kuisha, madai yakome siku hiyo.

Kijitabu, nguo na chupa zirudishwe papo hapo, kuwe na deni au kusiwe.

Na narudia: siku zilizolipiwa zisilipishwe tena. Fomu isomwe kwa sauti, kwa lugha anayoielewa mama, kabla hajatia sahihi.