Umetoka chama cha wafanyakazi, mbona bado unakatwa?

Leo nawaelezea jambo ambalo wengi wetu tunalikosea siku ya kwanza tu.

Chukua mfano wa dada anayefanya kazi hotelini Diani. Alipoingia chama alijaza Fomu S, ile inayomruhusu mwajiri kukata ada kwenye mshahara. Mwezi wa tatu akaamua kutoka. Akamwandikia barua mwakilishi wa chama pale kazini, akaenda zake. Mwezi wa nne akakatwa. Wa tano akakatwa. Akadhani chama kinamwibia, kumbe mwajiri hakuwa na habari yoyote!

Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, kifungu cha 48, inasema unayemjulisha ni mwajiri, tena kwa maandishi. Kujiuzulu kunaanza kufanya kazi mwezi unaofuata ule uliotoa barua. Yaani barua ukiipeleka tarehe 24 Machi, mshahara wa Machi unaweza kukatwa, wa Aprili hapana. Mwajiri ndiye anayepaswa kukipelekea chama nakala, na hana haja ya kungoja chama kikubali.

Kwa hivyo barua yako iwe fupi: jina, nambari ya kazini, jina la chama, na kwamba umejiuzulu na ada isikatwe tena. Sababu si lazima. Peleka kopi mbili ofisini, moja igongwe muhuri na tarehe, urudi nayo nyumbani. Bila ule muhuri, wallahi, utabishana mpaka uchoke. Na hata kama mwajiri atapeleka nakala, mimi ningempelekea katibu wa tawi yangu mwenyewe, nikiomba anijibu kwa barua kwamba jina limetolewa kwenye daftari na tarehe gani. Hiyo ndiyo itakayokuonyesha uanachama umefungwa. Kukoma kwa makato peke yake hakukuambii hivyo.

Sasa hapa ndipo watu hushtuka. Unaangalia peislipu, unaona bado kuna kato. Soma jina lake kwanza. Kama mkataba wa pamoja wa chama na mwajiri unaihusu kazi yako, na kuna agizo la waziri, kifungu cha 49 kinaruhusu ukatwe ada ya uwakala hata kama si mwanachama, kwa sababu nyongeza waliyopigania na wewe unaila. Kato hilo ni halali, na barua ya kujiuzulu hailiondoi. Ukitoka ili uokoe pesa, uliza hili kabla hujaandika.

Lakini kama bado limeandikwa ada ya uanachama baada ya mwezi ule, chukua kopi yenye muhuri na peislipu za kabla na baada, uanze na ofisi ya mishahara, udai na pesa zako zirudi. Wakikuzungusha, nenda kwa afisa wa leba wa kaunti.

Na sako yako usiiguse. Hiyo ni akaunti nyingine, na ina barua yake.