Barua ya Mama kwa Skuli: Mtoto Mwenye Mzio Mkali wa Njugu

Mazungumzo kwa wazazi, walimu na wakaazi wa Gombani, Wilaya ya Chake Chake



Mazungumzo haya yanahusu karatasi moja tu: barua ambayo mama humwandikia mwalimu mkuu pale mtoto wake anapokuwa na mzio mkali wa chakula. Mzio huo si kuchagua chakula wala si kudeka. Mwili wa mtoto huyo hukiona chakula cha kawaida kama adui, nao hupambana nacho kwa nguvu inayoweza kuziba koo na kushusha shinikizo la damu kwa muda mfupi sana. Mzio unaweza kusababishwa na mayai, maziwa ya ng'ombe, korosho, kamba au samaki. Mfano uliochaguliwa hapa ni njugu, kwa kuwa hazikosekani katika vyakula vinavyouzwa karibu na skuli.

Na tuchukue mtoto wa darasa la pili, mwenye uzito wa kilo 20. Barua ya mama yake inaweza kuanza hivi:

“Mheshimiwa Mwalimu Mkuu, baada ya salamu. Mwanangu ana mzio mkali wa njugu, nao umethibitishwa na daktari. Mwaka jana alitafuna kipande cha kashata. Haikupita robo saa, midomo ikavimba, akatapika, na kifua kikaanza kulia. Alipona baada ya kuchomwa sindano ya adrenalini hospitalini. Pia ana pumu, na daktari amesema kuwa pumu huongeza hatari.”

Tazameni jinsi barua hiyo ilivyoanza. Mama hakuandika kuwa mtoto “hapatani na baadhi ya vyakula,” kwani maneno hayo hayamwambii mwalimu afanye nini. Ametaja chakula, akataja kilichotokea na muda uliopita, kisha akataja dawa iliyomwokoa.

Sehemu ya pili ya barua hueleza mahali hatari inapojificha. Kashata huonekana kwa macho, lakini njugu zilizosagwa ndani ya mchuzi au bisikuti hazionekani. Mafuta yaliyokaangia njugu yakitumiwa tena kukaangia mhogo, mhogo huo nao si salama kwa mtoto huyu. Kwa hiyo mama huomba mambo mawili: mtoto ale kile tu alichotoka nacho nyumbani, na wenzake wanaokaa naye dawati moja wanawe mikono kwa maji na sabuni wakishakula njugu. Dawa ya kupaka mikononi bila maji huua vijidudu, lakini haiondoi mabaki ya njugu. Mama haombi skuli ipige marufuku njugu kwa wote. Katazo la namna hiyo ni gumu kusimamiwa, na huenda likawafanya walimu waamini kuwa hatari imekwisha.

Sehemu ya tatu ndiyo moyo wa barua, nayo ni mpango wa dharura. Hapa mama huandika kwa sentensi fupi, kwa sababu atakayeisoma atakuwa na haraka:

“Akipata vipele au mwasho peke yake, mkalisheni, msimwache peke yake, nipigieni simu. Sauti ikibadilika, akikohoa mfululizo, akipumua kwa shida, ulimi ukivimba, au akilegea na kutaka kuzimia, hiyo ni dharura. Vivyo hivyo akianza kutapika tena na tena baada ya kula njugu. Msinisubiri mimi. Mchomeni adrenalini mara moja.”

Daktari huandika kipimo kwa mkono wake kwenye barua hiyo. Kanuni inayotumika ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, isizidi miligramu 0.3 kwa mtoto mdogo. Kwa mtoto wetu wa kilo 20, hesabu hiyo inatoa miligramu 0.2. Katika kichupa chenye miligramu 1 ndani ya mililita 1, hiyo ni mililita 0.2. Sindano huchomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, katikati ya nyonga na goti. Ikiwa hakuna nafuu baada ya dakika 5, huchomwa tena. Kwa kuwa kipimo hufuata uzito, barua ya mwaka jana haifai mwaka huu mpaka mtoto apimwe upya.

Ziko nchi ambako mzazi hununua kalamu ya adrenalini iliyokwisha kutiwa kipimo. Kwetu kalamu hiyo si rahisi kupatikana. Kwa hiyo mama na daktari huamua pamoja kama kichupa na bomba la sindano vitawekwa skuli, na ni walimu gani wawili watakaofundishwa kuvitumia. Dawa huwekwa mahali pasipo joto wala mwanga mkali, nayo haigandishwi. Ikigeuka rangi kuwa ya hudhurungi, au tarehe yake ikipita, hubadilishwa. Isifungiwe kwenye kabati ambalo ufunguo wake uko mfukoni mwa mtu mmoja. Mahali ambapo hakuna dawa wala aliyefundishwa, mpango hubaki kuwa mmoja: kumfikisha Hospitali ya Chake Chake bila kuchelewa hata dakika moja. Kwa sababu hiyo barua hutaja dereva aliye karibu na namba yake ya simu, pamoja na dereva wa pili iwapo wa kwanza hapatikani.

Yapo makosa matatu ambayo barua nzuri huyataja waziwazi. La kwanza ni kumpa mtoto maziwa au maji ya dafu kwa nia ya kuvunja sumu. Mzio si sumu, na koo linalovimba linaweza kumpalia. La pili ni kumpa kidonge cha mwasho na kungoja. Kidonge hicho hupunguza vipele, lakini hakifungui koo wala hakiinui shinikizo la damu. La tatu ndilo lisilojulikana sana: kumwinua na kumtembeza hadi garini. Mtoto ambaye shinikizo lake limeshuka anaweza kufa ghafla akisimamishwa. Alazwe chali, miguu iinuliwe, kisha abebwe akiwa amelala. Akiwa anapumua kwa shida, aachwe akae huku miguu imenyooshwa. Akitapika, alazwe ubavu.

Baada ya sindano mtoto anaweza kuonekana mzima kabisa. Hata hivyo hupelekwa hospitali na kuangaliwa kwa saa kadhaa, kwani dalili zinaweza kurudi baada ya kutulia. Aliyemsindikiza huwaeleza wahudumu mambo matatu: alikula nini, alichomwa saa ngapi, na kipimo gani.

Barua hutiwa saini na mama, daktari na mwalimu mkuu. Nakala moja hukaa ofisini, ya pili darasani, na ya tatu pamoja na dawa. Mwalimu wa zamu na yule anayeuza vitafunio mlangoni huoneshwa sura ya mtoto. Muhula unapoanza, mama hurudi skuli na mambo manne ya kukaguliwa: uzito wa mtoto, tarehe ya dawa, namba za simu, na kama wale walimu wawili bado wanafundisha hapo. Mmoja wao akiwa amehamishwa, mwengine hufundishwa kabla ya mtoto kuanza masomo.