Mkesha wa Ijumaa na Mgeni Wake

Mkesha wa maombi, au kesha kama wasemavyo Kenya, hufanyika zaidi usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Katika makanisa mengi ya Kipentekoste huanza saa 3 au saa 4 usiku na kumalizika saa 11 alfajiri. Saa ya kumaliza haikuchaguliwa kwa sababu za kiroho tu: ndipo daladala na matatu za asubuhi zinapoanza kupita, na asiye na usafiri wake hapaswi kuachwa barabarani gizani. Mkesha wa tarehe 31 Desemba una umati mkubwa mno. Anayeanza hujifunza zaidi katika Ijumaa ya kawaida.

Usiku hufunguliwa kwa sifa na kuabudu, kisha hufuata shuhuda, neno na maombi marefu. Sehemu ngumu huja baada ya saa 8. Joto la mwili huendelea kushuka na hufikia kiwango cha chini kabisa karibu na alfajiri, ndiyo maana baridi na usingizi huja pamoja hata Dar es Salaam. Eutiko wa Matendo 20 alisinzia dirishani mahubiri yaliporefushwa, akaanguka kutoka ghorofani, na wahubiri hawachoki kuwatania wanaosinzia kwa habari hiyo. Kiongozi mwenye uzoefu haweki somo refu saa hizo. Huwasimamisha watu, huwatembeza wakiomba, au huirudisha kwaya.

Maandalizi ya kushinda usingizi huanza mchana. Usingizi wa saa moja na nusu baada ya chakula cha mchana husaidia kuliko kahawa yoyote. Chakula cha jioni kiwe chepesi na kiliwe mapema, kwani sahani ya ugali saa 2 usiku humlaza mtu kabla ya neno. Chai au kahawa huchukua kama nusu saa kufanya kazi na athari yake hubaki kwa saa nyingi, hivyo wakati wake mzuri ni saa 6 au saa 7 usiku. Ya saa 10 huja kuharibu usingizi wa Jumamosi asubuhi. Wengi huunganisha mkesha na mfungo. Mwenye kisukari anayetumia dawa asiingie katika mfungo huo bila kumuuliza daktari wake, hata kama kanisa zima limefunga.

Mfuko wa kubeba si mkubwa: Biblia, maji, sweta, kitenge au shuka, leso, karanga kidogo, noti ndogo za sadaka na nauli iliyotengwa kando. Kinachosahauliwa zaidi ni dawa ya kupaka ya mbu. Makanisa mengi ni mabanda yaliyo wazi pembeni, na mbu wanaoeneza malaria huuma zaidi kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri. Mwenye watoto huongeza mkeka na neti, akawalaza nyuma, mbali na spika.

Adabu ya mgeni ni nyepesi kuliko anavyodhani. Akisalimiwa “Bwana Yesu asifiwe” hujibu “Amina”. Wageni wakiombwa kusimama, jina na mahali anapotoka vinatosha. Halazimiki kunena kwa lugha wala kupiga kelele. Ataachwa aombe kimya, ingawa akisinzia mhudumu anaweza kumgusa bega na kumwambia asimame kidogo. Hilo si karipio.

Maombezi ndiyo yanayowashtua wengi. Mchungaji hupita akiwawekea watu mikono, na wengine huanguka. Nyuma yao husimama wahudumu wawili: mmoja hudaka, mwingine ana kitenge mkononi, na mwanamke akishalala chini hufunikwa miguu mara moja. Mgeni asimwinue aliyeanguka, asimruke, na asitoe simu kupiga picha. Simu ndiyo kosa linaloudhi kuliko yote. Asiyetaka kuwekewa mikono hubaki kitini, wala si lazima atoe sababu. Sadaka nayo haina kiwango. Anayeambiwa alipe ndipo aombewe ana haki ya kuondoka.

Makanisa huru yana desturi zake. Kwa Akorino wa Kenya, viatu huvuliwa na kichwa hufungwa kilemba, na ngoma ndizo zinazoongoza nyimbo. Mgeni hutazama wenyeji wanavyofanya mlangoni kabla ya kuingia.

Hatari kubwa zaidi ya mkesha iko njiani kurudi. Dereva aliyekesha husinzia bila kujijua. Dalili ni miayo mfululizo na kushindwa kukumbuka barabara aliyopita punde. Kufungua dirisha au kuongeza sauti ya redio hakusaidii kwa muda mrefu. Alale dakika 20 ndani ya gari uwanjani pa kanisa kabla ya kuwasha injini, na abiria wa bodaboda aulize kwanza kama dereva naye amekesha.