KURA YA SIRI KATIKA MUHTASARI
(Maneno ya Katibu kwa wanachama)



Leo nasema juu ya jambo moja tu: namna ya kuandika kura ya siri katika kitabu cha muhtasari. Wengine huandika, "Ndugu Fulani alishinda kwa kura nyingi," basi. Haitoshi. Baadaye mtu akiuliza nyingi ngapi, hakuna wa kumjibu.

Tuchukue mfano. Wanachama 128 wamepewa karatasi za kura, kila mtu moja. Wahesabu kura watatu wamefungua sanduku mbele ya mkutano, wamekuta karatasi 127. Moja haikurudi, labda mwenyewe kaondoka nayo. Iandikwe hivyo hivyo. Lakini zingekuwa 129, hapo kuna karatasi iliyoingia bila kutolewa, na mkutano lazima uambiwe kabla mshindi hajatajwa.

Katika zile 127, sita zimeharibika: nne hazina alama yoyote, mbili zimewekwa alama kwa wagombea wote wawili. Kura halali ni 121. Mgombea wa kwanza kapata 62, wa pili 59. Sasa jumlisheni: 62 na 59 ni 121. Ongeza zilizoharibika 6, unapata 127. Ongeza ile moja isiyorudi, unapata 128. Hesabu imekubali.

Je, zile sita tuziache, maana si kura za mtu? Hapana. Kama masharti ya chama yanataka zaidi ya nusu ya kura halali, nusu ya 121 ni 60 na nusu. Mwenye 62 amepita. Lakini yakitaka zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, nusu ya 127 ni 63 na nusu. Mwenye 62 hajapita! Kwa hiyo masharti yasomwe kabla watu hawajapiga kura, wala si baada ya kuona nani anaongoza.

Wahesabu kura waandike taarifa yao kwenye karatasi na kutia sahihi wote watatu. Mmoja wao aisome kwa sauti, ndipo Mwenyekiti atangaze matokeo. Katibu anakili taarifa yenyewe, asiandike kwa kusikia tu, hivi:

"Karatasi zilizotolewa 128. Zilizokutwa sandukuni 127. Zilizoharibika 6: bila alama 4, alama mbili 2. Kura halali 121. Mgombea wa kwanza 62. Mgombea wa pili 59."

Hapo majina ya wagombea yaandikwe kamili, pamoja na majina ya wahesabu kura. Taarifa yao ibandikwe kitabuni. Nani kampigia nani hakiandikwi kamwe, hata kama mtu kajitangaza mwenyewe.

Karatasi zote, na zile mbovu, zitiwe katika bahasha, ifungwe, wahesabu kura watie sahihi juu ya mfungo. Isichomwe mpaka muda wa malalamiko upite na mkutano ukubali.



Katibu