Mfanyakazi Akichelewa Kila Mara: Onyo na Liandikwe

Chukueni mfano wa hoteli ndogo inayofunguliwa saa 12 asubuhi. Mpishi wa chapati anafika saa 12 na dakika 40, mara tatu kwa wiki moja. Wateja wa chai wamekwenda kwa jirani. Siku ya nne mwenye hoteli anapandwa na hasira: "Nenda, usirudi!"

Hapo ndipo kosa la mfanyakazi linapogeuka kuwa la mwajiri. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka athibitishe sababu ya kumfuta mtu. Mahakama ikiona hakutendewa haki, fidia yaweza kufika mshahara wa miezi 12. Ni hoteli ngapi ndogo zina pesa hizo?

Njia salama huanzia kwenye daftari la mahudhurio. Kila mmoja, hata mpwa wa mwenye hoteli, huandika saa aliyofika na kutia sahihi. Mpishi akianza kuchelewa, aitwe kando aulizwe sababu. Huenda matatu ya kwanza ya kwao hutoka saa 12 kasorobo. Basi zamu ya saa 2 itamfaa. Watakayokubaliana yaandikwe na kutiwa tarehe.

Akiendelea, apewe barua ya onyo. Itaje siku na saa halisi alizofika, si "unachelewa sana". Ieleze anachopaswa kurekebisha, kwa muda gani, tuseme mwezi mmoja, na kitakachofuata asiporekebisha. Apewe nafasi ya kujibu kwa maandishi. Sahihi yake huonyesha ameipokea barua, si kwamba amekiri kosa. Akikataa kutia, mwenzake ashuhudie. Nakala moja ni yake, nyingine ya faili.

Wako wanaokata mshahara wa siku nzima kwa sababu ya dakika 40. Hilo haliruhusiwi: kifungu cha 19 kinaruhusu kukata mshahara wa siku ambayo mtu hakufika kazini kabisa, bila ruhusa wala sababu halali.

Wengi pia husema sheria inadai maonyo matatu. Haikutaja idadi hiyo. Kifungu cha 41 kinataka mfanyakazi, kabla ya kufutwa, aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake aliyemchagua mwenyewe au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na utetezi wao usikilizwe. Ni vyema apewe siku mbili tatu za kujiandaa, si kuitwa asubuhi na kuhukumiwa mchana.

Akifutwa baada ya hapo, anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi ya siku 28, au malipo ya siku hizo, pamoja na malipo ya likizo ambayo hajachukua. Faili lake lisitupwe akishaondoka, kwani anaweza kwenda mahakamani hadi miaka 3 baadaye.