Ankara ya Kila Mwezi kwa Ploti Yenye Wapangaji Wengi

Mazungumzo kwa wenye nyumba na wapangaji wa Lodwar, Kakuma na Kalokol



Ugomvi mwingi kwenye ploti hautokani na kodi yenyewe. Unatokana na maji na mlinzi. Kodi hulipwa mwanzoni mwa mwezi wake, lakini bili ya maji huja baada ya maji kutumika. Vitu hivi vikitajwa kama jumla moja, mpangaji hajui analipia mwezi gani. Dawa yake ni kila mstari wa ankara kuandikwa mwezi wake.

Tuseme ploti ya Kalokol, karibu na Ghuba ya Ferguson, ina vyumba 6, na kila kimoja ni shilingi 4,500. Mita ya maji ni moja. Bili ya Mei ni shilingi 2,700, na mlinzi hulipwa 3,000. Mwenye nyumba anagawa kwa vyumba 6, hata kama kimoja ni kitupu. Fungu la chumba kitupu ni lake, si la majirani. Ankara ya chumba nambari 4 inasomeka hivi:

Kodi ya nyumba, Juni: 4,500
Maji, Mei: 450
Mlinzi, Mei: 500
Jumla: 5,450

Inatolewa tarehe 1 na kulipwa kufikia tarehe 5, kila mwezi bila kubadilisha. Nambari yake ni 4-06, yaani chumba na mwezi, na nakala ya bili ya maji inabandikwa mlangoni pa ploti ili kila mtu aione.

Mpangaji akituma 5,000 kwa M-Pesa, zinabaki 450. Ankara ya Julai inaanza na mstari wa "Deni la Juni: 450", kisha ndipo yanafuata ya mwezi mpya. Malipo yanayoingia hufuta kwanza deni la zamani. Deni lisiloandikwa ndilo huzua maneno mwisho wa mwaka.

Kutenganisha kodi na huduma kunasaidia pia upande wa KRA. Vyumba 6 vya 4,500 huleta 27,000 kwa mwezi, sawa na 324,000 kwa mwaka. Mapato ya nyumba za kuishi yakizidi 288,000 kwa mwaka hutozwa kodi ya mapato, ambayo tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5. Hapa ni shilingi 2,025, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mistari ikitenganishwa, hesabu hiyo inapatikana papo hapo.

Kwa maduka na hoteli zisizo na mkataba wa maandishi, sheria, Sura ya 301, inamtaka mwenye nyumba aweke kitabu cha kodi na kumpa mpangaji nakala. Ankara haichukui nafasi ya kitabu hicho, na pesa zikishalipwa, mpangaji adai risiti.